Kutafuta vigawo vya mtajo wa kipeo cha pili kwa njia ya makundi, pale kizigeu cha x² si 1

Mwanafunzi aliyezoea mitajo kama x² + 7x + 12 hajiulizi mara mbili la kufanya. Hutafuta namba 2 ambazo zikizidishwa zinatoa 12 na zikijumlishwa zinatoa 7, akapata 3 na 4, kisha akaandika (x + 3)(x + 4). Taabu huanza siku anapoletewa 6x² + 7x − 20. Akifuata mazoea yaleyale atatafuta namba ambazo zikizidishwa zinatoa −20 na zikijumlishwa zinatoa 7, na hatazipata kamwe: 20 na −1 zinatoa 19, 10 na −2 zinatoa 8, 5 na −4 zinatoa 1, na hapo jozi zimekwisha. Wengi huhitimisha kwamba mtajo huo hauna vigawo, kumbe unavyo. Walichosahau ni ile 6 iliyokaa mbele ya x², ambayo nayo ina mchango wake katika namba ya kati.

Kwa kuwa hisabati ya sekondari nchini Tanzania na Kenya husomwa kwa Kiingereza, ni vizuri tukubaliane kwanza juu ya maneno machache. Mtajo wa kipeo cha pili ni ule wenye umbo la ax² + bx + c. Namba a na b ni vizigeu, yaani namba zinazoambatana na herufi, na c ni namba iliyosimama peke yake. Nitaviita ax², bx na c vipande vya mtajo. Kutafuta vigawo ni kuandika mtajo huo kama zao la mabano mawili. Katika mwongozo huu wote a, b na c ni namba kamili, na namba zilizo ndani ya mabano tunazozitafuta ni namba kamili pia.

Namba ya kati hutoka wapi

Kabla ya hatua zenyewe, inafaa tuangalie mabano mawili yanapozidishwa, kwa sababu njia ya makundi ni safari hiyohiyo ikitembewa kinyumenyume. Tuseme tunazidisha (2x + 5) kwa (3x − 4):

(2x + 5)(3x − 4) = 6x² − 8x + 15x − 20 = 6x² + 7x − 20

Tazama mstari huo kabla vipande vya kati havijaunganishwa. Pana −8x na 15x. Namba −8 imetokana na 2 kuzidishwa kwa −4, na 15 imetokana na 5 kuzidishwa kwa 3. Ukizidisha −8 kwa 15 unakuwa umezidisha 2, −4, 5 na 3 zote kwa pamoja. Sasa zidisha namba ya kwanza na ya mwisho, yaani 6 kwa −20: hapo napo umezidisha namba zilezile 4, kwa kuwa 6 ni 2 mara 3, na −20 ni 5 mara −4. Ndiyo maana zao la namba 2 za kati ni sawa daima na zao la namba mbili za pembeni. Hapa yote mawili ni −120.

Huo ndio msingi wote wa njia hii. Mtajo uliopewa umeficha namba 2 za kati kwa kuziunganisha kuwa 7, na kazi yako ni kuzitenganisha upya. Unajua jumla yake, ambayo ni b, na sasa unajua zao lake pia, ambalo ni a mara c. Pale ambapo a ni 1, zao hilo huwa c tu, na ndiyo sababu mazoea ya zamani yalifaa bila mtu kuhoji.

Hatua ya kwanza: toa kigawo cha shirika cha mtajo mzima

Hatua hii huchukua sekunde chache lakini ikirukwa huharibu jibu. Angalia kama kuna namba inayozidi 1 inayogawanya vizigeu vyote viwili pamoja na c bila kubaki kitu. Katika 6x² + 7x − 20 hakuna, kwa sababu 7 ni namba tasa na haigawanyi 6 wala 20. Lakini katika 12x² − 34x + 20 ipo 2, na mtajo huo uandikwe 2(6x² − 17x + 10) kabla ya jambo lolote lingine. Ndani ya mabano zao la pembeni ni 60 na jumla ni −17, hivyo namba zinazotakiwa ni −5 na −12, na jibu ni 2(6x − 5)(x − 2).

Mtu aliyeruka hatua hii hatakwama. Atafika kwenye (6x − 5)(2x − 4), na akizidisha ataona mtajo wake umerudi salama. Hata hivyo kazi haijaisha, kwa sababu 2x − 4 bado ina 2 ndani yake. Swali linapotaka vigawo kamili, jibu hilo ni nusu ya njia. Tena mtu huyo amejiongezea mzigo, kwa kuwa amelazimika kuhangaika na zao la 240 badala ya 60.

Kama kizigeu cha x² ni hasi, toa −1 pia. Mtajo −3x² + 10x − 8 unakuwa −(3x² − 10x + 8), na ile alama ya kutoa ibaki nje ya mabano mpaka mwisho.

Hatua ya pili: tafuta jozi

Turudi kwenye 6x² + 7x − 20. Tunataka namba 2 ambazo zikizidishwa zinatoa −120 na zikijumlishwa zinatoa 7. Alama zitangulie kusomwa. Zao likiwa hasi, namba moja ni chanya na nyingine ni hasi, kwa hiyo tunachokitafuta katika jozi za 120 ni tofauti ya 7. Zao lingekuwa chanya, namba zote zingekuwa na alama moja, ile ya b, na tungetafuta jumla. Ukilijua hilo mapema unaweza kuandika jozi bila alama, ukaziweka alama mwishoni.

Jozi za 120 ni hizi: 1 na 120, 2 na 60, 3 na 40, 4 na 30, 5 na 24, 6 na 20, 8 na 15, 10 na 12. Ukitafuta tofauti za jozi hizo utaona 8 na 15 ndizo zinazoachana kwa 7. Jumla tunayoitaka ni chanya, hivyo iliyo kubwa ndiyo iwe chanya: 15 na −8.

Kuandika orodha yote ni njia salama, ila kuna mambo mawili yanayoifupisha sana. La kwanza linahusu namba witiri na shufwa. Kama b ni namba witiri, kama 7 yetu, basi kati ya namba 2 zinazotafutwa moja ni witiri na nyingine ni shufwa, kwa kuwa shufwa mbili au witiri mbili hazijumlishwi zikatoa witiri. Sasa 120 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 5. Ikiwa namba moja haina 2 hata moja, basi zile 2 zote tatu zimekaa upande mmoja. Jozi zinazobaki ni 4 tu: 1 na 120, 3 na 40, 5 na 24, 8 na 15. Nusu ya orodha imeanguka bila kujaribiwa.

La pili linahusu ukubwa. Zao likiwa hasi na b ikiwa ndogo, namba 2 hizo ziko karibu karibu, na zote ziko jirani na kipeuo cha pili cha zao. Chukua 24x² − 2x − 35. Zao la pembeni ni −840, na mtu anaweza kuogopa kuandika jozi zake zote. Lakini tofauti inayotakiwa ni 2 tu, na kipeuo cha pili cha 840 kiko karibu na 29, kwa hiyo jaribu 28 na 30. Zinazidishwa na kutoa 840 barabara. Jumla ni hasi, basi kubwa iwe hasi: −30 na 28.

Hatua ya tatu: vunja kipande cha kati

Badala ya 7x andika 15x − 8x. Thamani haijabadilika, ni kama mtu aliyevunja noti moja akapata chenji.

6x² + 7x − 20 = 6x² + 15x − 8x − 20

Hapa ndipo penye kosa ambalo nimeliona katika madaftari mengi kuliko jingine lolote. Mwanafunzi akishapata 15 na −8 hufurahi na kuandika papo hapo (x + 15)(x − 8), kwa sababu ndivyo alivyozoea pale a ilipokuwa 1. Ukizidisha mabano hayo unapata x² + 7x − 120, ambao ni mtajo mwingine kabisa. Namba 15 na −8 si namba za ndani ya mabano. Ni vizigeu vya vipande viwili vya kati, na safari bado inaendelea.

Hatua ya nne: weka makundi

Gawa vipande 4 katika makundi mawili, viwili vya mbele na viwili vya nyuma, kisha utoe kigawo cha shirika katika kila kundi:

6x² + 15x ina 3x, inabaki 3x(2x + 5)

−8x − 20 ina −4, inabaki −4(2x + 5)

Mabano yamelingana, na huko kulingana ndiko kunakotwambia kwamba tumepita njia sahihi. Hakutokei kwa bahati. Katika kundi la kwanza vizigeu ni 6 na 15, ambavyo uwiano wake ni 2 kwa 5. Katika kundi la pili ni −8 na −20, ambavyo uwiano wake ni huohuo, 2 kwa 5. Uwiano huo ni sawa kwa sababu 6 mara −20 ni sawa na 15 mara −8, yaani ile sharti ya zao tuliyoitimiza katika hatua ya pili. Jozi ikiwa sahihi, makundi hayana namna ila kukubaliana.

Kwa sababu hiyohiyo, haijalishi ni kipande kipi cha kati kinatangulia. Ukiandika 6x² − 8x + 15x − 20, kundi la kwanza linatoa 2x(3x − 4) na la pili linatoa 5(3x − 4). Umeingia kwa mlango mwingine, ila nyumba ni ileile. Ushauri wangu ni kuweka kipande chenye alama ya kujumlisha nyuma kila unapoweza, kwa sababu kundi la pili linaloanza na alama ya kutoa ndilo linaloangusha watu wengi, kama ifuatavyo.

Katika −8x − 20 wapo wanaotoa −4 na kuandika −4(2x − 5). Wameibeba ile alama ya kutoa iliyokuwa mbele ya 20 na kuiingiza ndani, wakati ilikwisha kutolewa pamoja na 4. Kanuni ni kwamba unapotoa namba hasi nje, alama ya kila kipande kinachobaki ndani inageuka. Namna ya kujua ni rahisi: fungua mabano yako palepale. −4 mara −5 ni 20, si −20, basi kuna kosa. Mabano yasipolingana, hebu yasome vizuri kabla ya kufuta kila kitu. Yakiwa na namba zilezile na kutofautiana kwa alama tu, kama 2x + 5 na 2x − 5, kosa liko katika kutoa namba hasi. Yakiwa na namba tofauti, kama 2x + 5 na 4x + 10, hukutoa kigawo chote cha shirika katika kundi mojawapo. Na kama uwiano wenyewe haufanani, jozi yako si sahihi. Rudi hatua ya pili.

Pana hali nyingine inayotatiza, ambapo kundi la pili halina kigawo cha shirika kinachoonekana. Katika 2x² + 7x + 3 zao ni 6, jozi ni 6 na 1, na tunapata 2x² + 6x + x + 3. Kundi la kwanza linatoa 2x(x + 3), na la pili ni x + 3 lenyewe. Andika 1(x + 3), hata kama unaona 1 hiyo haina kazi. Asiyeiandika huipoteza katika hatua inayofuata na kuishia na 2x(x + 3), mtajo ambao hauna hata ile 3 ya mwisho.

Hatua ya tano: toa mabano yaliyolingana

Sasa mtajo wetu ni 3x(2x + 5) − 4(2x + 5). Mabano (2x + 5) ni kigawo cha shirika cha vipande vyote viwili, sawa na vile ambavyo m ingekuwa kigawo cha shirika katika 3xm − 4m. Yatoe nje mara moja, na vilivyobaki, 3x na −4, viingie katika mabano ya pili:

(2x + 5)(3x − 4)

Wengine huandika (2x + 5) mara mbili kwa kuwa wameiona mara mbili. Ukumbuke ile m: 3xm − 4m ni m(3x − 4), na m haijirudii.

Hakikisha kwa kuzidisha, na usiridhike na kipande cha kwanza na cha mwisho pekee. Mtajo wenye mabano yasiyo sahihi, tuseme (2x − 5)(3x + 4), unatoa 6x² na −20 vilevile, lakini katikati unatoa −7x. Kipande cha kati ndicho shahidi wa kweli. Ukiwa na haraka, weka namba moja badala ya x, kwa mfano 1: mtajo wa mwanzo unatoa 6 + 7 − 20 = −7, na mabano yanatoa 7 mara −1, ambayo ni −7. Jaribio hilo linagundua makosa mengi, ingawa mara chache jibu lisilo sahihi linaweza kupenya kwa namba moja tu.

Pale jozi isipopatikana

Si kila mtajo una vigawo vya namba kamili. Chukua 4x² + 5x − 3. Zao la pembeni ni −12, na jozi zake zinaachana kwa 11, kwa 4 na kwa 1. Hakuna inayoachana kwa 5. Kwa namba ndogo kama hizi orodha inatosha kuwa ushahidi, mradi umeiandika yote. Kwa namba kubwa mtu hubaki na shaka kama ameruka jozi fulani, na hapo kuna kipimo kisichodanganya: kokotoa b² − 4ac. Ikiwa ni namba mraba, yaani 0, 1, 4, 9, 16 na kuendelea, vigawo vipo. Ikiwa siyo, acha kutafuta. Hapa ni 25 + 48 = 73, ambayo iko kati ya 64 na 81 na si namba mraba.

Kipimo hicho kinatokana na jozi yenyewe. Tukiziita namba za jozi m na n, tofauti yao ikizidishwa kwa yenyewe ni sawa na jumla yao ikizidishwa kwa yenyewe, ukatoa mara 4 ya zao lao. Jumla ni b na zao ni ac, kwa hiyo (m − n)² = b² − 4ac. Hii ina maana kwamba kipeuo cha pili cha b² − 4ac ni tofauti ya namba unazozitafuta, na ukiwa na jumla na tofauti, namba zenyewe hazina pa kujificha. Kwa 6x² + 7x − 20 tunapata 49 + 480 = 529, ambayo ni 23 × 23. Jumla ni 7 na tofauti ni 23: kubwa ni nusu ya 30, yaani 15, na ndogo ni 15 − 23, yaani −8. Sioni haja ya kupita njia hii kila mara, ila orodha inapokuwa ndefu inaokoa muda.

Swali la maneno, mwanzo hadi mwisho

Urefu wa kitalu cha mstatili unazidi mara mbili ya upana wake kwa mita 3, na eneo lake ni mita za mraba 65. Upana ni kiasi gani?

Tuite upana x. Urefu ni 2x + 3, na eneo ni x(2x + 3) = 65. Fungua mabano na uhamishe 65 ili upande mmoja ubaki 0, kwa sababu vigawo vitatusaidia pale tu ambapo zao lake ni 0:

2x² + 3x − 65 = 0

Hakuna kigawo cha shirika. Zao la pembeni ni −130 na jumla ni 3. Namba 3 ni witiri na 130 ni 2 × 5 × 13, hivyo 2 imekaa upande mmoja pekee. Tena tofauti ni ndogo, basi tuanze jirani na kipeuo cha pili cha 130, ambacho kinazidi 11 kidogo. Jozi ya 10 na 13 inaachana kwa 3. Kubwa iwe chanya: 13 na −10.

2x² + 13x − 10x − 65 = 0

x(2x + 13) − 5(2x + 13) = 0

(2x + 13)(x − 5) = 0

Zao likiwa 0, angalau kimojawapo ni 0. Ama 2x + 13 = 0, ambapo x ni −6.5, au x − 5 = 0, ambapo x ni 5. Kitalu hakiwezi kuwa na upana wa mita −6.5, kwa hiyo upana ni mita 5. Urefu ni mita 13, na 5 mara 13 ni 65.